Sori Peke Yake Haifikishi Kiondo Hamburg

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwezi wa tano mwaka wa 2025 anti yangu alinipigia simu saa moja asubuhi, mapema kuliko ninavyoamka. Anti ni mwenyekiti wa kundi la wamama 31 kule Machakos wanaosuka vyondo. Walikuwa na oda ya vyondo 600 vya mkonge kwenda kwa mama mmoja Mjerumani mwenye duka karibu na Hamburg. Mzigo ulikuwa umechelewa, Mjerumani ameuliza uko wapi, na anti akaniambia, "Wewe ndiye umesoma Kiingereza. Niandikie barua nzuri ya kuomba msamaha. Nimekutumia maneno."

Hayo maneno yalikuwa picha nne za daftari lake, na rekodi tatu za sauti, zote kwa Kiswahili. Nikazisikiliza nikinywa chai, nikafungua kompyuta, na kwa dakika 20 nikawa nimemaliza. Kiingereza kimenyooka, kimepigwa pasi. Nilijiona mnoma sana.

Anti akaniambia nimsomee kwa Kiswahili kile nimeandika. Nikasoma. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa hapa nani amekosa?"

Hiyo swali ndiyo imenifanya niandike hii post. Maoni yangu ni haya: vijana wengi tunapoandikia watu wetu barua za Kiingereza, tunadhani kazi ni kutafsiri. Mara nyingi tunachofanya ni kuficha. Tunachukua stori yenye watu na makosa na tarehe, tunaiosha hadi inabaki harufu ya sabuni tu. Mnunuzi akiipokea hawezi kufanya nayo chochote.

Nitakuonyesha kwa mfano huu wetu, hatua kwa hatua.

Daftari lilisema nini

Oda iliyosainiwa ilisema vyondo viwe vimepakiwa melini Mombasa kufikia 10 Mei. Bei euro 9 kila kimoja, jumla euro 5,400. Mjerumani alishalipa asilimia 30, yaani euro 1,620, na zile 3,780 zilizobaki atalipa akitumiwa nakala ya BL, ile hati ya kampuni ya meli inayoonyesha mzigo umepakiwa na siku gani. Nauli ya meli ni yake. Alitaka vyondo kabla ya Julai kwa sababu kwao huo ndio msimu wa jua, watu wanabeba vyondo sokoni na ufuoni. Ikifika Septemba, hiyo biashara imepoa.

Sasa hii ndiyo sehemu ya daftari, vile anti aliiandika:

"Mvua ya Aprili. Mkonge wa rangi haukukauka vizuri. Tarehe 28 tukakagua, 120 vina ukungu chini. Vizuri ni 480. Nikasema tungoje vyote viende pamoja. Tukafungua, tukaanika tena. Lori limetoka Jumatano saa kumi. Limefika Mombasa saa tisa usiku. Wamekataa, kontena limefungwa saa nane. Mzigo utatoka na lingine. Mwambie pole sana, tunajitahidi, hivi karibuni atapata."

Soma tena polepole. Kila kitu kiko hapo. Chanzo kiko, uamuzi uko, na mwenye uamuzi anajitaja: "Nikasema tungoje." Anti hakuficha kitu.

Na mimi niliandika nini? Kwa Kiswahili barua yangu ya kwanza ilikuwa inasema hivi: kutokana na changamoto za usafiri zisizoweza kuzuilika, pamoja na hali inayoendelea Bahari ya Shamu, shehena imepata ucheleweshaji, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza, na tunawahakikishia kwamba itasafirishwa katika muda mfupi iwezekanavyo.

Hebu niambie kama umewahi kuona hiyo sentensi ya usumbufu. Ni ile ya kibao cha barabara ikichimbwa. Kibao hakijui wewe ni nani na hakijali umechelewa wapi. Nilikuwa nimemtumia mteja wa anti kibao cha barabara.

Uongo mdogo unaojulikana haraka

Tuanze na Bahari ya Shamu, kwa sababu hapo ndipo nilijidanganya kwamba mimi ni mjanja. Ni kweli tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za kati ya huku na Ulaya zilikuwa zikikwepa njia hiyo kwa sababu ya mashambulizi, zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, na safari ilikuwa ikiongezeka kama siku kumi hadi wiki mbili. Kila mtu wa biashara alijua. Kwa hivyo nikaona hicho ni kisingizio kitamu, hakina mwenyewe.

Shida ni kwamba vyondo vyetu havikuwa vimekaribia bahari yoyote. Vilikuwa kwenye godauni Mombasa, nje ya kontena. Mzunguko wa Rasi tayari ulikuwa kwenye hesabu ya Mjerumani. Ndiyo maana aliweka 10 Mei kwenye oda, kwa makadirio ya siku kama 45 hadi Hamburg. Na mnunuzi anaweza kuingiza jina la meli kwenye mtandao akaona iko wapi. Akiuliza, "Meli gani?" ningemjibu nini?

Ya pili ni hiyo "changamoto za usafiri". Angalia saa. Mzigo wetu ni mdogo, kwa hivyo unaingia kwenye kontena la kushiriki na watu wengine, na konsolideta ndiye anayelijaza. Konsolideta alisema anafunga kupokea mizigo Jumatano 7 Mei saa nane mchana. Lori letu liling'oa nanga Machakos saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Yaani mlango ulikuwa umeshafungwa saa mbili kabla dereva hajawasha injini! Anti alidhani watatungojea hadi asubuhi. Hawakungoja. Dereva hana hatia hapo hata kidogo, na mimi nilikuwa nimemtupia lawama bila kumjua.

Halafu kuna kosa la saa lenyewe. Anti aliandika "saa tisa usiku". Mimi kwa haraka nikaandika tisa ya Kiingereza, yaani saa tatu usiku ya kwetu, Jumatano. Kumbe ni ile tisa ya usiku wa manane, 03:00, na kwa kalenda hiyo tayari ni Alhamisi 8 Mei. Kosa la saa sita, na siku pia imebadilika. Rekodi ya geti la godauni inasema Alhamisi 03:00. Mjerumani akiweka barua yangu kando ya hiyo rekodi, anaona mtu anayedanganya, ilhali mimi nimekosa kusoma saa tu. Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria: noti ikiwa na saa ya Kiswahili, naibadilisha kwenye karatasi kwanza, naandika saa 24 na tarehe kando, halafu napiga simu kuuliza, "Hii usiku ni ya kuamkia siku gani?" Na mwezi nauandika kwa herufi. Ukiandika 7/5, kuna mtu mahali ataisoma Julai tarehe tano.

Mnyororo, na pete yetu

Anti alipouliza nani amekosa, tulikaa kwenye simu tukachora mnyororo. Mvua ilinyesha. Mkonge haukukauka. Vyondo 120 vikapata ukungu. Tukaamua kungoja. Lori likachelewa kutoka. Kontena likafungwa.

Barua mbaya inashika pete ya kwanza au ya mwisho, kwa sababu hizo hazina jina la mtu: mvua, kontena. Barua ya maana inashika pete ile uliyokuwa nayo mkononi. Kwetu ilikuwa ya nne. Tarehe 28 Aprili vyondo 480 vilikuwa vizuri kabisa, katoni 24 za vyondo 20 kila moja. Vingeweza kupanda kontena la 7 Mei bila wasiwasi, na Mjerumani angekuwa na asilimia 80 ya oda yake kwa wakati. Anti aliamua vingoje wenzao kwa nia safi, hakutaka kupeleka oda yenye mapengo. Lakini hakumuuliza mwenye oda. Na kutoka 28 Aprili hadi Mjerumani alipoandika mwenyewe Jumatatu 12 Mei, hakuna mtu upande wetu aliyemwambia neno. Siku 14 kimya.

Nilipomwambia anti hiyo ndiyo dhambi kubwa kuliko ukungu, alipumua kwa nguvu. Akasema, "Niliona aibu, kijana wangu. Nikangoja nipate habari nzuri ndio nimwambie." Manze, nani hajawahi kufanya hivyo? Mimi nimewafanyia wateja wangu wa video mara ngapi.

Pole si samahani

Hapa kuna kitu cha lugha ambacho sikuwa nimekifikiria. Anti aliandika "mwambie pole sana". Kwa Kiswahili pole ni ya mtu aliyepatwa na jambo. Ukijikwaa barabarani nakwambia pole hata kama jiwe sikuliweka mimi. Samahani ni ya kosa langu. Kiswahili kimetenganisha hizo mbili vizuri kabisa. Kiingereza kina "sori" moja inayobeba zote, na ndiyo maana ni rahisi kujificha ndani yake. Unasema sori na hakuna anayejua kama unamhurumia au unakiri.

Kwa hivyo barua ilibidi iwe na zote mbili, kila moja mahali pake. Samahani kwa uamuzi wetu na kwa kunyamaza. Pole kwa duka lake linaloanza msimu na rafu tupu. Ukiandika pole peke yake, mtu anasikia kama umesimama kando ukitazama ajali ya gari lako mwenyewe.

Na kuna maneno mengine ya Kiswahili yenye ukungu wake, lazima tuseme ukweli. "Hivi karibuni" si tarehe. "Tunajitahidi" si hatua. "Mzigo umetoka" ndiyo hatari kabisa: umetoka wapi? Umetoka nyumbani kwa msusi, umetoka godauni, umetoka bandarini? Kila moja ya hizo ni wiki tofauti kwa mtu anayengoja Hamburg. Nilimuuliza anti maswali mengi hadi akachoka nami, lakini kila "umetoka" ikapata mahali na tarehe.

Hesabu kabla ya ahadi

Sasa mpango wa kurekebisha. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kishujaa: tupeleke vyote kwa ndege! Anti akauliza bei, na hapo ndipo nilijifunza kitu kuhusu ndege na vyondo.

Ndege haikutozi kilo tu. Inaangalia pia nafasi unayokula. Unapima katoni kwa sentimita, unazidisha urefu, upana na kimo, unagawanya kwa 6,000, na jibu linahesabiwa kama kilo. Kati ya hiyo na uzito wa mizani, unalipia ile kubwa. Katoni yetu ni 60 kwa 50 kwa 50. Hiyo inatoa 150,000, ukigawanya unapata kilo 25. Kwenye mizani katoni hiyo ina kilo 11. Kiondo ni hewa iliyozungushiwa mkonge, na hewa yake unailipia.

Bei tuliyopewa ilikuwa euro 2.50 kwa kilo. Katoni zote 30 ni kilo 750 za kulipia, yaani euro 1,875, na bado hujaweka ada ndogondogo. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya oda nzima. Wamama 31 wangekuwa wamesuka bure. Lakini katoni 8, vyondo 160, ni kilo 200, euro 500. Hiyo inauma, haiui.

Ndipo tukaona kitu kizuri. Vyondo 160 kwa euro 9 ni euro 1,440. Mjerumani alishalipa 1,620. Kumaanisha tunaweza kumpelekea zile katoni 8 bila kumwomba senti nyingine, kwa sababu amana yake inazifunika na kubaki. Mtu umemchelewesha, halafu unamwomba hela kabla ya kumpa kitu, hatakuamini. Hapa hatukuhitaji.

Nilitaka pia kumpa punguzo juu ya ndege, ndio tuonekane wema. Anti akakataa. "Tukitoa vyote viwili, mwezi wa saba nitawaambia nini hawa wamama?" Yuko sawa. Ahadi ya kurekebisha ambayo itakuvunja ni kuchelewa kwa pili, umekusogeza mbele tu. Kwa hivyo tukaweka njia mbili, achague moja.

Barua yenyewe

Ilitumwa Jumanne 13 Mei kwa Kiingereza. Naiweka hapa kwa Kiswahili, ndio muone kila sentensi inafanya kazi gani:

"Mpendwa mama, oda yako ya vyondo 600 haikupakiwa melini kufikia 10 Mei kama tulivyokubaliana. Katoni zote 30 ziko kwenye godauni la konsolideta Mombasa.

Tarehe 28 Aprili tulikuta vyondo 120 vina unyevu na ukungu baada ya mvua. Vingine 480 vilikuwa tayari. Tuliamua kungoja vyote, bila kukuuliza. Kwa sababu hiyo lori letu lilifika Mombasa Alhamisi 8 Mei saa 03:00, na kontena lilikuwa limefungwa kupokea mizigo Jumatano 7 Mei saa 14:00. Uamuzi wa kungoja ulikuwa wetu, na kutokukuambia kwa wiki mbili kulikuwa kosa letu. Tunaomba samahani kwa yote mawili. Tunajua msimu wako unaanza na tunasikitika kwamba rafu zako zimeathirika.

Tunapendekeza njia mbili. Ya kwanza: katoni 8, vyondo 160 vya saizi zote tatu, viondoke Nairobi kwa ndege Jumamosi 17 Mei, nauli yote ya ndege tulipe sisi. Amana yako inalipia vyondo hivi, kwa hivyo hutatuma chochote sasa. Katoni 22 zilizobaki ziingie kontena linalofungwa 21 Mei, kwa meli iliyopangiwa kuondoka 25 Mei. Makadirio ya kufika Hamburg ni karibu 9 Julai. Tarehe ya meli ni ya kampuni ya meli na inaweza kusogea. Ikisogea tutakuambia siku hiyo hiyo.

Ya pili: katoni zote 30 ziende kwa meli hiyo ya 25 Mei, na tupunguze asilimia 10 ya bei ya oda.

Tafadhali tuambie kufikia Alhamisi 15 Mei saa 16:00 ya kwenu, ndio tuwahi nafasi ya ndege. Kama hakuna kati ya hizi inayokufaa, tuambie unachohitaji.

Vyondo vile 120 vimekaushwa upya na kila kimoja kitakaguliwa kabla ya kufungwa. Kitakachoshindwa hakitapakiwa, nawe hutakilipia. Nitakuandikia 17 Mei, 21 Mei na 26 Mei, hata kama hakuna jipya."

Basi. Ukurasa mmoja. Haina "changamoto", haina "usumbufu wowote".

Wacha niguse mambo machache ndani yake. Tarehe zetu na tarehe za wengine tumezitenganisha. Katoni kufika uwanjani ni ahadi yetu. Meli kuondoka si yetu, kwa hivyo tumesema imepangiwa, hatukusema itaondoka. Asilimia 10 ni euro 540, karibu sawa na ndege, kwa hivyo akichagua yoyote kundi limejua gharama yake. Ile saa 16:00 ya Ujerumani mwezi wa tano ni 17:00 yetu, na anti aliandikiwa kwenye daftari "saa kumi na moja jioni" ndio asichanganyikiwe. Na hatukuandika "tutalipa hasara yote utakayopata". Mtu akiwa na hatia huandika hivyo kwa moyo, lakini hiyo ni hundi isiyo na kiasi. Kiri ulichofanya, sema utakachotoa, ishie hapo.

Ile ya kukagua pia si maneno tu. Wamama wanaingiza kiondo kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, wanaufunga, wanauanika juani kama saa moja. Ukiona matone ndani ya mfuko, mkonge bado una maji. Ukiufungia hivyo kwenye kontena, wiki sita baharini, joto mchana na ubaridi usiku, Mjerumani atafungua katoni ya uyoga. Siku hiyo vyondo 9 vilitoa matone. Vikabaki nyumbani, na ankara ya meli ikapunguzwa euro 81.

Ilivyoishia

Mjerumani alijibu Jumatano. Mistari mitatu. Alichagua njia ya kwanza, akaomba picha za ndani ya vyondo vile vilivyoanikwa upya, na akasema angependelea kuambiwa tarehe 28 Aprili. Hakutukana. Hakusifu pia.

Kugawanya mzigo kulileta kazi ambayo sikuitarajia, nakwambia ndio isikushtue. Mzigo mmoja ukiwa miwili, karatasi pia zinazaliana: ankara mbili, orodha mbili za katoni, hati ya ndege kwa moja na BL kwa nyingine. Na kwa sababu mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika 1 Julai 2024, mzigo ukiwa na uthibitisho kwamba ni wa Kenya unaingia bila ushuru, na kila safari inahitaji uthibitisho wake. Ukisahau mmoja, unaokoa msimu kwa ndege halafu unamwachia mnunuzi shida ya forodha.

17 Mei niliandika. 21 Mei niliandika. 26 Mei niliandika na nikaambatisha nakala ya BL. Tarehe 21 hakukuwa na habari yoyote zaidi ya "kontena limefungwa, katoni zako ziko ndani". Ndiyo iliyopata jibu la haraka kuliko zote: "Asante."

Oda mpya bado hajaleta, na sitakudanganya kwamba barua ilifanya miujiza. Salio alilipa lote.

Lakini nimebadilisha msimamo wangu kuhusu hii kazi ya kuandikia wazazi na maanti Kiingereza. Kabla hujafungua kompyuta, chukua zile noti za Kiswahili na uzunguke kwa kalamu kila mahali mtu amesema "nikaamua", "nikasema", "tukangoja". Hizo ndizo sentensi ambazo mkono wako utataka kuzipoteza ukifika kwenye Kiingereza, kwa sababu zinaonekana za kishamba na zinauma. Zikipotea, umemwandikia mtu kibao cha barabara.

Anti sasa ana mstari mpya ukutani kwenye kibanda cha kundi, ameuandika kwa chaki: "Ikiharibika, simu kabla ya jua kuzama." Akiniuliza kama Kiingereza chake ni kipi, namwambia hicho hakihitaji Kiingereza.